Namtafutaje mfanyakazi mwenzangu wa zamani baada ya kimya cha miaka 7? Nimpigie au nimwalike kahawa?

Karani_wa_Kurasini
Wakuu, salaam. Nipo kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar. Hadi 2018 nilikuwa chumba kimoja cha nyaraka na dada mmoja aliyenizidi miaka mitano hivi, ndiye aliyenifundisha kusoma manifesti. Akaondoka, mimi nikabaki, na tangu hapo kimya. Hatukugombana. Sasa nimeona kwenye LinkedIn kwamba yuko Bandari Kavu ya Kwala, na sisi ndiyo tunaanza kupeleka makontena ya wateja huko. Nataka kumwomba muda kidogo anieleze kazi ya kule inavyokwenda. Namba yake ninayo, ya enzi zile. Shida ya pili: alifiwa na baba yake 2021, nikasikia, sikwenda wala sikupiga. Naanzia wapi?

Mzee_wa_Posta
Kijana, mke wa watu huyo. Kama mlikuwa na jambo lenu likaisha 2018, liache huko huko. Kahawa ya nini tena?

Karani_wa_Kurasini
Hapana mzee wangu, shikamoo. Ni kazi tu.

Mzee_wa_Posta
Marahaba. Basi andika "kazi" mapema, maana kama mimi nimesoma vibaya hapa, na mumewe akiiona simu atasoma vibaya vile vile.

Bi_Nyaraka
Mzee kachekesha lakini kagusa penyewe. Mtu aliyenyamaza miaka saba akiibuka, anayepokea hujiuliza maswali matatu kabla hata hajamaliza kusoma: huyu ni yeye kweli au tapeli? Anataka hela au mchango wa harusi? Au ananitaka mimi? Ujumbe wako wa kwanza kazi yake ni kuyajibu hayo matatu. Mengine baadaye.

Kabla ya maneno, hakikisha namba. Namba ya 2018 usiiamini. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulifika kikomo tarehe 20 Januari 2020 na laini nyingi zikazimwa. Wengine walihama mtandao, na namba iliyokaa bila kutumika inaweza kuwa imeuzwa kwa mtu mwingine. Picha ya WhatsApp si ushahidi pia. Ukiona ua au aya ya Qurani pale, hujajua lolote.

Dogo_Mbagala
Rahisi sana hiyo. Ingia kwenye pesa ya simu, jifanye unatuma 1,000, weka namba yake. Jina linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Likija jina lake, ni yeye. Unaghairi, hela haijaenda.

Bi_Nyaraka
Nusu sahihi, Dogo. Jina linakuambia laini ilisajiliwa na nani. Halikuambii nani anaishika. Familia ngapi zinatumia laini iliyosajiliwa na kaka au mume? Kwa hiyo jina likiwa lake, vizuri, endelea. Likiwa la mtu mwingine, usihitimishe kwamba si yeye. Na ukishafanya hivyo usije ukamwambia "nilikuhakiki kwenye pesa ya simu". Hakuna anayependa kusikia amepekuliwa.

Njia safi zaidi ni mtu wa katikati, yaani mwenzenu yeyote wa ile ofisi ambaye bado anawasiliana naye. Lakini usimwombe akupe namba. Mwombe amuulize dada kama hana pingamizi namba yake itolewe. Hapo dada anakuwa ameshasikia jina lako kabla ujumbe haujafika, na lile swali la tapeli limejibiwa bila wewe kutia neno.

Karani_wa_Kurasini
Kuna mmoja, yupo kwenye kundi letu la WhatsApp la ofisi ya zamani. Je, nikiandika moja kwa moja kule LinkedIn?

Kipeperushi
LinkedIn ni sawa kama namba imekufa. Ila mwaliko wa kuunganishwa, kwa akaunti isiyolipiwa, una nafasi ya herufi 200 tu za maelezo, na maelezo hayo unaruhusiwa kwa mialiko michache kwa mwezi. Herufi 200 hazitoshi salamu, utambulisho na ombi. Zitumie kwa utambulisho peke yake: wewe ni nani, mlikuwa wapi, hadi mwaka gani. Akikubali ndipo uandike ombi. Ukibonyeza mwaliko mtupu anaweza kukubali bila hata kukumbuka wewe ni nani, halafu unabaki pale pale. Tena watu wengi wa bandarini wanafungua LinkedIn wakiwa wanatafuta kazi tu. Unaweza ukasubiri miezi.

Mama_Tanga
Mimi nawaona mnakimbia. Mtu huanza kwa salamu. Unamsalimia leo, anajibu. Kesho unauliza watoto. Wiki ijayo ndiyo unaleta shida yako. Mkimwaga shida siku ya kwanza, ataona mmekuja kwa shida tu.

Bi_Nyaraka
Mama Tanga, shikamoo. Uso kwa uso nakubaliana nawe kabisa. Salamu ni ndefu kwa sababu pande zote mbili zinaitoa hapo hapo, na mtu anakuona usoni. Kwenye simu, kutoka kwa mtu aliyepotea miaka saba, "Habari za siku?" peke yake ni mzigo. Ajibu nini? Akijibu "Nzuri", anajua kuna kitu kinakuja ila hajui ni nini wala kizito kiasi gani. Wengi huacha bila kujibu, si kwa kiburi. Na hao matapeli ndivyo wanavyoanza: "Mambo, upo?"

Kwa hiyo salamu iwepo, tena nzuri, lakini ombi liwe kwenye ujumbe ule ule.

Mama_Tanga
Marahaba mwanangu. Sijakubali, ila nimekusikia. Kwa mtu mzima kama mimi ungenipigia kwanza.

Bi_Nyaraka
Ungekuwa wewe, ndiyo, ningepiga. Huyu yuko kazini na namba ya mwito hataijua. Simu ya namba ngeni saa za kazi haipokelewi, na ikipokelewa analazimika kukubali au kukataa akiwa amesimama na mtu mwingine. Ujumbe kwanza, simu iwe kwa miadi.

Haya, Karani, jibu vitu vitatu tukuandikie. Enzi zile ulikuwa unamsalimia vipi? Unataka kujua nini hasa cha Kwala? Na yeye anaishi wapi?

Karani_wa_Kurasini
Nilikuwa namwambia "Mambo dada N." kawaida tu. Nataka kujua mlolongo wa kutoa kontena kule, nani anaanza, nani anamaliza, na tunachelewa wapi. Na bei wanazowapa mawakala wengine. Anaishi Kibaha, nasikia.

Bi_Nyaraka
Bei iondoe. Hiyo ni siri ya mwajiri wake, na unamweka mahali pabaya kwa sababu ya kukufahamu tu. Ukimuuliza kuhusu mteja wa kampuni nyingine ni hivyo hivyo. Mlolongo wa kazi kila wakala aliyefika pale anaujua, kwa hiyo kukueleza hakumgharimu chochote. Hata kama mazungumzo yatakuwa matamu, usiteleze ukaulizia bei mwishoni. Mtu akiulizwa swali la namna hiyo mwishoni anaona kahawa yote ilikuwa chambo.

Salamu: rudi na ile ile. Ukimpa shikamoo leo wakati zamani ulisema "mambo dada", atajua una shida kubwa kabla hajafika mstari wa pili.

Msafiri_Maskati
Nami niulize hapo hapo. Mwenzangu wa zamani yuko Dar, mimi niko Maskati. Nilimwambia "tuongee saa tatu Ijumaa". Akapiga saa tatu asubuhi ya kwake, nimelala. Mimi nilimaanisha usiku.

Kipeperushi
Makosa mawili kwenye sentensi moja, kaka. "Saa tatu" bila asubuhi au usiku haijakamilika. Na Maskati iko mbele ya Dar kwa saa moja, kwa hiyo lazima useme saa ya wapi. Andika "Ijumaa saa 3 usiku kwa saa ya Dar, saa 4 usiku kwangu". Halafu Ijumaa kwako ni mapumziko, kwake ni siku ya kazi na kuna sala ya adhuhuri katikati. Jumamosi ndiyo siku ambayo nyote mna nafasi. Mwenye mtu Uingereza aangalie zaidi: tofauti na Dar ni saa 2 wakati wa kiangazi chao na saa 3 wakati wa baridi, inabadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Miadi iliyopangwa wiki mbili kabla huvunjikia hapo.

Na usimpangie programu ya kupigia. Nchi nyingine simu za WhatsApp zimewekewa vikwazo kwa miaka. Muulize anatumia ipi.

Msafiri_Maskati
Ahsante. Tulishapoteana tena lakini.

Bi_Nyaraka
Turudi kwa Karani. Ujumbe huu hapa, ubadilishe kwa sauti yako lakini usiongeze urefu:

"Mambo dada N. Ni S., tuliyekuwa wote chumba cha nyaraka hadi 2018, yule uliyemfundisha manifesti. Nimekaa kimya muda mrefu, na kimya ni changu. Nimeona uko Kwala sasa. Tunaanza kupeleka makontena huko na ningependa unieleze mlolongo wa kazi ulivyo, si bei wala mambo ya ndani ya ofisi. Dakika 20 za simu zinatosha. Jumanne au Alhamisi saa 11 jioni, nikupigie? Kama huna nafasi, niambie tu bila wasiwasi."

Angalieni. Mlango wa mashaka unafungwa na "uliyemfundisha manifesti", kwa sababu tapeli anaweza kulijua jina la ofisi ila hilo halijui. Kimya kinakiriwa kwa maneno machache bila hadithi ya kwa nini. Ukianza kueleza sababu za miaka saba unamtaka akusamehe kwanza ndipo ajibu, na hiyo ni kazi ya pili unampa. Siku ni mbili, hazikuachwa wazi, kwa sababu "ukipata nafasi" haipatikani kamwe. Na njia ya kukataa ipo.

Dogo_Mbagala
Mbona humwambii apeleke ujumbe wa sauti? Sauti ina ukaribu, atamtambua.

Bi_Nyaraka
Sauti ni nzuri baada ya kujibiwa. Mara ya kwanza, namba asiyoihifadhi ikimtumia sauti ya dakika mbili, hataifungua mbele za watu, na akiifungua hawezi kupitisha macho atafute unachotaka. Pia Karani weka picha yako ya uso kwenye WhatsApp kabla hujatuma. Kama unatumia akaunti ya biashara yenye nembo ya kampuni, tumia ya binafsi. Yenye nembo inasomeka kama tangazo. Na tafadhali usianze na zile picha za "Asubuhi njema" zenye mawaridi.

Karani_wa_Kurasini
Na msiba wa baba? Humo hauko.

Bi_Nyaraka
Makusudi. Pole na ombi havikai kwenye ujumbe mmoja. Ukiviweka pamoja, pole inakuwa daraja la kufikia shida yako na yeye ataliona. Uitoe mwanzo wa simu, kabla ya Kwala: "Dada, nilisikia habari za baba. Pole sana. Sikufika na sikupiga, ilinipasa." Halafu nyamaza. Akitaka kusema, asikilizwe, hata zile dakika 20 zikiisha zote hapo. Kwala itasubiri.

Mama_Tanga
Na rambirambi ampe. Hata kidogo.

Kipeperushi
Miaka imepita Mama. Akirusha hela kwenye simu siku ile ile anayoomba msaada, itaonekana malipo.

Mama_Tanga
Sikusema arushe. Wakikutana, ampe mkononi, kwenye bahasha, wakati wa kuagana. Mkono wa pole hauna tarehe.

Bi_Nyaraka
Hapo sitamwamulia. Kuna familia zitafurahi, kuna nyingine zitaona umefukua. Karani ndiye anayemfahamu.

Fundi_Kahawa
Mbona swali la kahawa mmeliruka? Mimi ningemwalika tu mjini, mkahawa mzuri Posta, mambo yaishe.

Kipeperushi
Kwala iko wilaya ya Kibaha, Pwani, njia ya Morogoro. Mtu anayefanya kazi kule na kulala Kibaha umlete Posta siku ya kazi, apambane na foleni ya Mbezi na Kimara kwenda na kurudi, ili akusaidie wewe? Kahawa ya kwanza inanywewa upande wa anayeombwa. Kama ni kahawa, iwe Kibaha, pale karibu na Maili Moja, Jumamosi saa 4 asubuhi, mahali wazi penye watu. Si jioni, na si hotelini. Angalia pia kalenda, maana mwezi wa Ramadhani kahawa ya mchana na mtu anayefunga ni kichekesho.

Lakini simu kwanza, kwa sababu nyingine: simu ya dakika 20 anaweza kuimaliza. Kahawa hawezi kunyanyuka dakika ya 20. Baada ya miaka saba hajui kama bado mnaelewana, mpe kitu chepesi kukikubali. Simu ikienda vizuri kahawa inajileta.

Fundi_Kahawa
Kwenye simu hamfahamiani. Mimi nabaki na kahawa. Nimekubali kuhusu Kibaha tu.

Karani_wa_Kurasini
Nitume lini? Na asipojibu?

Kipeperushi
Kwa watu wa mizigo epuka Jumatatu asubuhi na siku za mwisho wa mwezi. Tuma Jumanne au Jumatano, saa 10 jioni hivi, na siku unazopendekeza ziwe za wiki inayofuata, si kesho.

Tiki moja ikibaki siku kadhaa huwezi kujua kama simu imezimwa, namba imekufa au umezuiwa. Usitume tena hapo hapo, pitia kwa mtu wa katikati. Tiki mbili bila jibu, subiri kama siku 10 za kazi, kisha kumbusha mara moja kwa mistari miwili: "Dada N., najua kazi ni nyingi. Kama wiki hii haifai, nitaelewa. Nikipata mwingine wa kunielekeza nitakwenda kwake." Baada ya hapo basi. Kutokuwepo kwa tiki za bluu usikutafsiri, watu wengi wamezizima. Na usimtafute tena kwenye Facebook na Instagram siku moja. Milango mitatu kwa siku ni kumfukuzia mtu.

Akijibu mtu mwingine, "namba si yake", omba radhi na uishie hapo. Usimuulize "unajua alipo?"

Karani_wa_Kurasini
Mrejesho, wakuu. Yule wa katikati alimuuliza, akasema nimtafute tu, namba ni ile ile. Nikatuma Jumatano. Amejibu usiku: "Hee S.! Uko hai? Alhamisi sawa, ila saa 12." Nifanyeje kwenye simu?

Bi_Nyaraka
Mjibu mstari mmoja: "Alhamisi saa 12 jioni, nitapiga mimi." Usianze kupiga stori kwa maandishi, utaimaliza simu kabla haijaanza. Piga wewe, kwa laini ya kawaida, saa 12 kamili, salio likiwepo. Ukikatika dakika ya nane na kuanza kutafuta vocha hupati tena mtiririko.

Pole kwanza. Kisha maswali yako yawe manne tu, yaandike kwa mpangilio wa safari ya kontena: likishuka behewani nini kinafuata, nyaraka zipi zinaangaliwa kabla ya kupangiwa ukaguzi, gari lako lifike na karatasi gani getini, na wageni wengi hukwama hatua ipi. Swali la nne ndilo lenye thamani, kwa hiyo usilifikie dakika ya 19. Dakika ya 18 sema mwenyewe "dada, muda tuliokubaliana unaisha". Akiongeza, ni kwa hiari yake. Na usimweke bosi wako kwenye spika. Kama bosi lazima awepo, mwambie dada kabla.

Usiku huo huo mshukuru kwa kutaja jambo moja alilokueleza. Kisha, kontena la kwanza likitoka, mwambie lilivyokwenda, bila ombi jipya ndani yake. Wengi wanakosea hapo: ujumbe wa pili nao unakuja na shida.

Karani_wa_Kurasini
Nimerudi. Tumeongea dakika 50, nyingi zilikuwa za baba yake. Swali la nne alilijibu vizuri sana. Mwishoni akasema yeye, "Jumamosi njoo Kibaha unywe chai, nitakuwa na mzee" (mume wake). Sasa nani analipa? Na nimuulizie tena Kwala?

Kipeperushi
Kwala usiiguse mpaka aiguse yeye. Ulipe wewe. Fika dakika 15 kabla, mpe mhudumu hela mapema, bili isije mezani.

Mzee_wa_Posta
Wee! Mume yupo, mke kakualika, halafu wewe ulipe kwa siri? Mwache mwenyeji alipe. Wewe nenda na kitu cha mkononi, matunda.

Mama_Tanga
Na bahasha.

Kipeperushi
Mzee, kama chai ni nyumbani, sawa. Kama ni mkahawani bado nasema alipe aliyesababisha.

Karani_wa_Kurasini
Hajasema ni nyumbani au mkahawani. Nimuulize?

Mzee_wa_Posta
Muulize "nifikie wapi?" Atakuelekeza, utajua.